Ndege na makinda wawili: kuandika katuni ya huruma ya Mtume kwa watoto wadogo

Swali la kwanza la mchoraji huwa lilelile. Anaupokea mswada, anausoma ukurasa wa kwanza, halafu anauliza: "Sasa Mtume nimchore vipi?" Jibu ni kwamba hamchori kabisa. Hakuna uso, mgongo, mkono wala kivuli. Sauti yake pia haitasikika. Na mtazamaji wetu ni mtoto wa miaka mitatu hadi sita, ambaye asichokiona machoni kwake ni kama hakipo. Ugumu wote wa kazi hii umo humo, na uzuri wake pia, kama mwandishi amechagua kisa kinachofaa.

Visa vya huruma ya Mtume Muhammad (s.a.w.) kwa wanyama ni vingi, lakini havifai vyote kwa katuni. Kile cha mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani na kumletea maji kwa kiatu, Mtume ndiye aliyekisimulia kuhusu mtu mwingine. Hakuwa mmoja wa waliokuwapo. Kisa cha paka Muezza, ambaye eti Mtume alikata kipande cha nguo yake ili asimwamshe usingizini, kimeenea mno katika vitabu vya watoto na kwenye simu, lakini hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Mwandishi anayekijua hivyo na bado akakiweka kwenye katuni anampa mtoto jambo ambalo siku moja atalazimika kumnyang'anya. Kisa cha ngamia aliyetokwa na machozi katika bustani ya mtu mmoja wa Madina kimo katika Sunan ya Abu Dawud na ni kizuri sana, ila nguvu yake imo katika mazungumzo: Mtume anamuuliza kijana mwenye ngamia, anamkumbusha kumcha Mungu, anamweleza kuwa mnyama amelalamika kwa njaa na kuchoshwa. Ukiyatoa maneno hayo, kisa kinabaki kitupu. Kinawafaa zaidi watoto wa miaka minane au tisa.

Kwa wadogo, ninachokitegemea mimi ni kisa cha ndege. Abdullah bin Mas'ud amesimulia, naye Abu Dawud akakiandika, kwamba Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume. Mtume akatoka kidogo kwa haja yake. Huku nyuma wakamwona ndege mdogo akiwa na makinda wawili, wakawachukua makinda. Mama yao akaja, akawa anatandaza mbawa zake. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru arudishiwe. Basi. Riwaya hiyohiyo inaendelea na tukio la pili, la kichuguu cha sisimizi kilichochomwa moto, na hilo ninaliacha. Kumpunguzia mtoto wa miaka minne hadithi hadi tukio moja si kumdanganya, mradi humwongezei kitu ambacho hakikuwapo.

Imamu Bukhari naye, katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad, ana riwaya inayokaribiana na hii, lakini humo mtu alichukua yai la ndege. Mwandishi mwenye haraka anaweza kuzichanganya mbili hizo akapata kiota chenye kinda mmoja na yai moja. Achague moja. Mimi nachukua ya makinda, kwa sababu yai halina sauti wala mdomo. Kinda analia, anafumbua kinywa, anatikisa kichwa kisichokuwa na manyoya. Mtoto anamwelewa kabla msimulizi hajasema neno.

Sasa turudi kwa swali la mchoraji. Watengenezaji wa filamu wamejaribu njia kadhaa. Mustafa Akkad, katika filamu yake kubwa ya mwaka 1976 kuhusu mwanzo wa Uislamu, aliifanya kamera iwe macho ya Mtume: watu wanaitazama kamera, wanazungumza nayo, wananyamaza kusikiliza jibu ambalo sisi hatulisikii. Filamu ya katuni ya maisha ya Mtume iliyoongozwa na Richard Rich mwaka 2002 nayo ilitumia njia hiyo. Kwa mtu mzima inafanya kazi vizuri sana. Kwa mtoto wa miaka minne haifanyi. Yeye amezoea vipindi ambamo wahusika wanamgeukia na kumuuliza, "Wewe je, umemwona paka?" Kwa hiyo watu wa kwenye skrini wakimtazama machoni, anaamini wanazungumza naye. Niliwahi kuwaonyesha watoto wa chuo michoro ya namna hiyo, na mmoja wao akajibu kwa sauti, "Sio mimi niliyemchukua!" Darasa zima likacheka, lakini mimi nilijua kuwa njia ile nimeipoteza.

Wengine huweka duara la mwanga mahali alipo Mtume. Hili nalikataa kabisa. Mtoto huchukua picha kama ilivyo, na ukimwonyesha taa inayotembea, atakwambia kuwa Mtume alikuwa taa. Anapotea kwake yule mtu aliyekula, aliyesafiri, aliyechoka na aliyemwonea ndege huruma, wakati kisa chote kinasimama juu ya yule mtu.

Njia iliyobaki ni ya ndege mwenyewe. Mhusika mkuu awe mama ndege, na kamera ikae pale anapokaa yeye: chini kichakani, au juu hewani. Akiwa chini kichakani, anachokiona kwa wanadamu ni viatu vya ngozi na pindo za nguo. Akiwa juu, anaona vilemba. Hakuna pengo lolote kwenye picha ambalo mtoto ataliuliza, kwa sababu nyuso za watu hazionekani za yeyote. Hili linatatua pia suala la Maswahaba, ambao nao wanazuoni wengi hawapendi wachorwe nyuso zao. Riwaya haikuwataja kwa majina waliochukua makinda. Nasi tusiwape majina wala sura. Mikono inatosha.

Kuhusu mwendo wa ndege, riwaya imemsaidia mchoraji kuliko anavyodhani. Neno la Kiarabu linaloeleza alichokifanya mama ndege limesomwa kwa namna mbili katika nakala. Kwa usomaji mmoja alitandaza mbawa karibu na ardhi; kwa mwingine aliruka juu ya vichwa vyao kama anayewatia kivuli. Yote mawili yanachoreka, na yote mawili ni mwendo wa ndege halisi aliyenyang'anywa watoto. Mimi huanza na la kwanza, kisha la pili: mama anatambaza mbawa mchangani, halafu anapaa, na kivuli chake kinapita juu ya mizigo ya wasafiri.

Huu hapa mswada, dakika 3 na sekunde 40.

ONYESHO LA 1. NJE. KICHAKANI. ASUBUHI. (Sekunde 40)
PICHA: Kichaka cha miiba. Tunasogea polepole mpaka ndani. Kiota. Makinda wawili, midomo wazi. Ndege mdogo mwekundu anatua na mdudu mdomoni.
SAUTI: Upepo. Makinda wanalia.
MSIMULIZI: Huyu ni mama ndege. Ana watoto wawili. Huyu mmoja. Na huyu wa pili. Wote wana njaa!

ONYESHO LA 2. NJE. NJIANI, KARIBU NA KICHAKA. (Sekunde 35)
PICHA: Tunatazama kutoka chini. Miguu ya ngamia. Viatu. Pindo za nguo. Ngamia wanapiga magoti. Mama ndege anaruka kwenda kutafuta chakula.
SAUTI: Nyayo mchangani. Ngamia anakoroma.
MSIMULIZI: Wasafiri wamefika. Wako pamoja na Mtume Muhammad, Swalla Allahu alayhi wa sallam. Wamechoka. Wanapumzika. Yeye ametoka kidogo. Atarudi.

ONYESHO LA 3. KIOTANI. (Sekunde 20)
PICHA: Kivuli cha mkono juu ya kiota. Mikono miwili inawachukua makinda kwa upole na kuwaweka kwenye kitambaa. Kiota kitupu.
SAUTI: Upepo unatulia.
MSIMULIZI: Lo! Wamewachukua watoto wa ndege.

ONYESHO LA 4. KICHAKANI, KISHA HEWANI. (Sekunde 40)
PICHA: Mama anarudi. Mdudu anamdondoka mdomoni. Anatandaza mbawa mchangani. Anapaa. Kivuli chake kinazunguka juu ya mizigo. Kidogo tunawaona makinda ndani ya kitambaa, wazima, wakichungulia.
SAUTI: Sekunde 15 za mbawa peke yake.
MSIMULIZI: Mama anatafuta. Hapa hawapo. Hapa pia hawapo. Hawezi kusema. Anapiga mbawa tu.

ONYESHO LA 5. HEWANI, KWA MACHO YA NDEGE. (Sekunde 40)
PICHA: Vilemba vya wasafiri kutoka juu. Vyote vinageukia upande mmoja, nje ya picha. Wanasimama. Picha inabaki kwao. Hatugeuki kutazama wanakotazama.
SAUTI: Mbawa zinapungua kasi.
MSIMULIZI: Mtume, Swalla Allahu alayhi wa sallam, amerudi. Amemwona ndege. Akauliza ni nani aliyemtia huzuni mama huyu kwa kumchukulia watoto wake. Akasema arudishiwe watoto wake.

ONYESHO LA 6. KIOTANI. (Sekunde 45)
PICHA: Mikono ileile inarudisha kinda mmoja. Kisha wa pili. Mikono inaondoka. Viatu vinarudi nyuma, hatua tatu. Kimya. Mama anatua. Anawafunika kwa mbawa.
SAUTI: Makinda wanalia kama mwanzo, kisha wananyamaza.
MSIMULIZI: Mmoja. Na wa pili. Mama amekuja.

Msimulizi ana maneno 81 tu kwa filamu nzima, na bado wapo watakaokwambia ni mengi. Yaangalie yalivyopangwa. Mtume hapewi hata neno moja la usemi halisi. Msimulizi anayapeleka maneno yake kwa usemi wa taarifa, ule tuliofundishwa shuleni: akauliza, akasema arudishiwe. Sababu ni kwamba mwandishi wa watoto hurahisisha kila neno, na maneno ya Mtume yakirahisishwa kisha yakawekwa katika usemi halisi, mtoto atayahifadhi na kuyanukuu kama Hadithi. Usemi wa taarifa unaacha wazi kwamba msimulizi ndiye anayesema, na mtoto atakapokua atakutana na maneno yenyewe yalivyo.

Sala juu ya Mtume imeandikwa kwa kirefu, na hilo si pambo. Ukiandika kifupisho, msomaji studio ataweza kukiruka kwa haraka au kuzisoma herufi moja moja, na yote mawili nimeyasikia. Kuitamka vizuri huchukua kama sekunde tatu. Mchoraji asipozihesabu, picha itakuwa imeshapita kwenye ngamia kabla msimulizi hajamaliza. Ndiyo maana nimemtaja Mtume mara mbili tu, na kila mara nafasi ya sala imo ndani ya muda wa onyesho.

Jambo ambalo watu huniomba nilibadilishe zaidi ni lile la ndege kutokusema. "Si katuni?" wananiambia. "Mwache aseme: Jamani, wanangu wako wapi!" Katuni za wanyama wanaosema zipo tele na watoto wanazipenda. Hapa sikubali. Katika kisa cha ngamia, Mtume mwenyewe ametaja kuwa ngamia amemlalamikia. Katika kisa hiki riwaya haikutaja kauli yoyote ya ndege. Ukimpa sauti ya mtu, umeongeza muujiza ambao haukusimuliwa. Tena unakiondoa kilicho kikubwa: ndege hakusema, naye Mtume akaelewa kwa kuziona mbawa. Mtoto anayetazama sekunde zile 15 za mbawa bila msimulizi anafanya jambo lilelile kabla ya onyesho la tano kufika. Anamwangalia ndege, anajua kwamba kuna kitu kimempata. Ukijaza sekunde hizo kwa maneno au wimbo, umemnyima kazi hiyo.

Muziki ni suala la familia kwa familia. Wapo wasiotaka ala majumbani mwao, hasa kwenye kisa cha Mtume, na mswada huu hauhitaji ala yoyote. Ukitaka kitu mwanzoni na mwishoni, dufu peke yake linatosha, na watoto wa pwani wanalijua tangu maulidi ya kwanza waliyobebwa mgongoni.

Hatari kubwa kwa umri huu ni hofu. Kuanzia mkono unapofika kiotani mpaka kinda wa kwanza anaporudi zinapita zaidi ya sekunde 80, na kwa mtoto wa miaka mitatu huo ni muda mrefu wa mama kutokuwapo. Kwa hiyo katika onyesho la nne makinda wanaonekana, wazima, wakichungulia kutoka kitambaani. Katika jaribio la kwanza sikuwa nimewaweka. Nilikuwa nawasomea watoto michoro ukumbini, na binti mmoja aliyekaa mstari wa mbele akageuka kutazama mlango, akaacha kabisa kutazama picha. Mtoto mdogo haiti hofu yake kwa jina. Anageuza uso, au anauliza kitu kilekile mara tatu. Ukiona hivyo, tatizo limo kwenye mswada, na kumbembeleza mtoto hakutaurekebisha. Nilipomwongeza kinda anayechungulia, mtoto yuleyule alinyoosha kidole na kusema, "Wako pale." Na aliendelea kuwaangalia mpaka mwisho.

Onyesho la sita nalo lina jambo la kuangaliwa. Riwaya inaishia kwenye amri ya Mtume. Haisimulii makinda wakirudishwa, ingawa hakuna anayeshuku kuwa Maswahaba walitii. Kwa hiyo onyesho hilo ni la mwandishi, na kwa sababu hiyo nimelipa maneno sita tu na kuliachia picha kazi iliyobaki. Zile hatua tatu za viatu kurudi nyuma ni za makusudi. Bila hizo, mtoto anajifunza kuwa wema ni kushika makinda, na kesho yake utamkuta juu ya mti wa jirani akitafuta kiota cha kurudishia. Mwisho wa kisa uwe kuondoka na kumwachia mama nafasi.

Nikimpa mchoraji mswada, humwandikia pia ukurasa mmoja wa vitu vya kutochora. Asichore minara wala kuba la kijani la Msikiti wa Madina, ambalo huwekwa karibu katika kila picha ya zama za Mtume. Kuba la kwanza juu ya kaburi lake lilijengwa mwaka 1279, na rangi ya kijani ikapakwa mwaka 1837. Asichore minazi, riwaya haikutaja mahali, kwa hiyo bonde kavu lenye vichaka na mgunga mmoja linatosha. Ngamia wawe na nundu moja. Na ndege asiwe kasuku mwenye rangi saba. Wanazuoni wamemweleza kuwa ni ndege mdogo kiasi cha shomoro, mwenye wekundu, na kwa mtoto wa Tanga au Mombasa ukubwa wa shomoro ni jambo analolijua, kwa sababu anamwona kila asubuhi akidonoa punje mlangoni.

Kabla mchoro wa kwanza haujapakwa rangi, mswada usomwe na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanachuoni anayejua Hadithi, naye aulizwe swali moja tu: kuna chochote hapa ambacho Mtume amezuliwa? Wa pili ni watoto kumi hivi wa umri wenyewe, wakaoneshwa michoro ya penseli huku mtu akisoma. Marekebisho yote mawili ni rahisi yakifanyika kwenye karatasi. Katuni huhitaji picha 24 au 25 kwa kila sekunde, na hata mchoraji akitumia kila mchoro mara mbili, kubadilisha onyesho moja la sekunde 40 baada ya kukamilika ni kuchora upya mamia ya picha.

Na wewe mwalimu wa chuo usiye na studio wala kompyuta, mswada huu ni wako pia. Chukua kikapu kidogo uweke nyuzi za makumbi ndani, tengeneza makinda wawili wa kitambaa, mpe mtoto mmoja mtandio mwekundu awe mbawa. Wengine wawe wasafiri, wakae chini. Asiwepo anayeigiza Mtume. Wewe soma ya msimulizi kutoka pembeni, na ukifika kwenye zile sekunde 15, nyamaza kweli uzihesabu.